Viporo vya Ofisini Vitaisha Lini?

Mwaka 2012 wakaguzi wa Idara ya Masuala ya Maveterani ya Marekani walifika katika ofisi ya idara hiyo mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina, wakakuta makabati yamejaa na juu ya makabati yamepangwa mafaili mengine yapatayo 37,000. Ripoti yao ilionya kwamba uzito ule ungeweza kuhatarisha sakafu ya jengo. Yalikuwa mafaili ya askari wa zamani waliodai fidia kwa ulemavu na maradhi waliyoyapata jeshini.

Winston-Salem ilikuwa ofisi moja tu. Kufikia Machi 2013, katika nchi nzima, madai yaliyokuwa yamekaa zaidi ya siku 125 bila kuamuliwa yalikuwa takriban 611,000. Idara ilikuwa imeshaahidi kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2015 hakuna dai litakalosubiri zaidi ya siku hizo 125. Wabunge, waandishi wa habari na maveterani wenyewe wakawa wanauliza swali moja: rundo hili litaisha lini?

Jibu lililowajia wengi ni kuajiri, na idara ilikuwa imekwisha kuajiri maelfu ya watu katika miaka iliyotangulia. Lakini mwaka 2010 ofisi ya ukaguzi inayoripoti kwa Bunge la nchi hiyo ilieleza kwamba wimbi lile la waajiriwa limekuja na mzigo wake, yaani kuwafundisha na kuwapangia kazi watu wengi kwa mpigo. Mwaka huohuo serikali iliongeza maradhi matatu kwenye orodha ya yale yanayohesabiwa kuwa yametokana na dawa ya kuua mimea iliyomwagwa na jeshi huko Vietnam, mmojawapo ukiwa ugonjwa wa moyo. Haki ilitendeka kwa wazee wale, na papo hapo madai mapya na ya zamani yaliyofunguliwa upya yakamiminika. Watumishi waliongezeka, na rundo nalo likaongezeka.

Hesabu inayoeleza jambo hilo haihitaji mtaalamu wa takwimu. Mkuu yeyote wa kitengo anaweza kuifanya kwa kalamu na daftari, mradi ajue mambo matatu: saa ambazo watu wake wanazo kweli mezani, kazi ngapi zinatoka na ngapi zinaingia kila wiki, na mtu mpya anachukua muda gani kabla hajawa na faida. Wakuu wengi hulijua la kwanza kwa kukisia, la pili nusu, na la tatu hawaliingizi kabisa.

Ichukuliwe ofisi ya mfano, kitengo cha ardhi cha wilaya fulani. Kina makarani sita na majalada 6,000 ya viwanja yanayosubiri kuhakikiwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Idadi hizi ni za kubuni, lakini kazi yenyewe inafahamika na kila aliyewahi kusimama kwenye kaunta ya ardhi. Karani analitoa jalada kabatini na kuhesabu kurasa zake. Analinganisha jina lililo kwenye barua ya toleo na lile la kwenye hati, anapitia risiti za kodi ya pango, anaangalia kama namba ya kiwanja na kitalu inakubaliana na ramani, kisha anaskani na kuingiza taarifa. Mwenzake anapitia alichoingiza. Yakikubaliana, jalada linahesabiwa kuwa limetoka.

Mkuu wa kitengo anaulizwa na mkurugenzi kazi itaisha lini. Anasimama nyuma ya karani mmoja mzoefu, anaangalia saa, na kuona jalada limechukua dakika 30. Makarani sita kwa saa 40 kila mmoja ni saa 240 kwa wiki, na kwa dakika 30 kila jalada hiyo ni majalada 480. Anagawa 6,000 kwa 480, anapata wiki kumi na mbili na nusu. Anaandika kwenye barua: miezi mitatu.

Barua hiyo ina makosa matatu, na yote yanavutia upande mmoja.

La kwanza ni saa. Saa 40 ni za kwenye mkataba. Sheria ya kazi ya Tanzania inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka, yaani wiki nne katika 52, na zikisambazwa mwaka mzima zinakula kama saa tatu za kila wiki. Kaunta, ambako wananchi wanakuja kuuliza habari za viwanja vyao, inakula saa tano. Vikao na taarifa za mwezi, saa mbili. Umeme kukatika, mtandao kulala na kutafuta jalada ambalo mtu alilichukua bila kuandika daftarini, saa nne. Jumla ni saa 14. Karani anabaki na saa 26 za kushika majalada, bila yeyote kuwa mvivu.

La pili ni dakika. Jalada lililopimwa lilikuwa safi, na karani alijua anaangaliwa. Katika kila majalada kumi ya ofisi hii, saba ni ya dakika 30. Matatu yaliyobaki yana kasoro: barua ya toleo haina saini, watu wawili wana risiti za kiwanja kimoja, au namba ya upimaji haimo kwenye ramani. Hayo yanachukua saa nzima. Saba mara 30 ni dakika 210, matatu mara 60 ni dakika 180, na jumla ya dakika 390 ikigawanywa kwa majalada kumi inatoa wastani wa dakika 39. Wakati wa kupima kwa saa ya mkononi, watu huchagua jalada la kawaida. Lakini muda unaliwa na yale yasiyo ya kawaida.

Saa 26 ni dakika 1,560. Zikigawanywa kwa 39, karani mmoja anatoa majalada 40 kwa wiki, na sita wanatoa 240. Ni nusu kamili ya ile 480 iliyoandikwa kwenye barua.

Ipo njia fupi ya kufikia idadi hiyohiyo, na ndiyo ya kuaminiwa zaidi: kuhesabu kilichotoka. Tuseme daftari la kitengo linaonyesha kwamba katika wiki nane zilizopita yametoka majalada 262, 231, 198, 255, 247, 240, 219 na 268. Wastani ni 240. Ile wiki ya 198 ilikuwa na sikukuu na umeme uliokatika siku nzima. Mkuu anaweza kushawishika kuifuta kwa kuwa haikuwa wiki ya kawaida, na hapo ataharibu hesabu, kwa sababu sikukuu zitarudi na umeme utakatika tena. Kinachohesabiwa kiwe kilichopita meza ya mwisho tu. Jalada lililoingizwa leo na kurudishwa kesho kwa makosa, kisha likaingizwa tena, ni moja. Vitengo vingine hulihesabu mara mbili na kujiona vina kasi visiyo nayo.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Barua ya mkuu ilichukulia kwamba majalada ni 6,000 na yatabaki hayohayo, wakati wananchi hawakuacha kuuza, kurithi na kuomba hati eti kwa sababu ofisi ina viporo. Majalada mapya 140 yanaingia kila wiki. Kitengo kinafanana na mtu anayechota maji kwenye pipa huku bomba likiwa wazi: maji hayapungui kwa kiasi anachochota, yanapungua kwa tofauti kati ya anachochota na kinachoingia. Yanatoka 240, yanaingia 140, rundo linapungua kwa 100. Majalada 6,000 kwa kasi ya 100 kwa wiki ni wiki 60.

Mkuu aliandika miezi mitatu. Jibu ni mwaka mmoja na miezi miwili hivi.

Tofauti hiyo ya 100 inastahili kukodolewa macho, kwa sababu ni nyembamba na chochote kinaitikisa. Serikali ikipunguza ada ya hati na majalada yanayoingia yakapanda kutoka 140 hadi 180, tofauti inashuka hadi 60 na kazi inakuwa ya wiki 100. Ongezeko la majalada 40 kwa wiki, sawa na kazi ya karani mmoja, limesogeza tarehe mbele kwa wiki 40. Yakifika 240, rundo halipungui hata kwa jalada moja, ingawa makarani hawajapunguza kasi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani baada ya 2010. Hali hiyo ilirudi tena baada ya Agosti 2022, sheria mpya ilipowafungulia mlango wa fidia askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraq na Afghanistan. Mtu akitazama idadi ya madai yaliyoamuliwa kwa mwaka ataona ofisi inafanya kazi kweli. Akitazama rundo ataona linapanda.

Hapa kuna swali jingine linalochanganywa na la kwanza. Mkurugenzi anataka kujua rundo litaisha lini. Mama aliyesimama kaunta anataka kujua jalada lake litafikiwa lini. Majibu ni tofauti. Kama majalada yanashughulikiwa kwa zamu, mama aliyeleta lake leo ana majalada 6,000 mbele yake, na yatakayokuja kesho hayamhusu kwa kuwa yako nyuma yake. Yeye anagawa 6,000 kwa yanayotoka, 240, na anapata wiki 25. John Little, profesa wa Marekani, alithibitisha kihisabati mwaka 1961 uhusiano unaofanana na huo: katika mfumo uliotulia, idadi ya walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya wanaoingia ikizidishwa na muda ambao kila mmoja anakaa. Kanuni hiyo inatumika leo kuanzia hospitali hadi viwandani. Karani anayeijua anaweza kumwambia mama wiki 25, akaacha ile "njoo wiki ijayo" inayomgharimu nauli kila mara. Nauli hiyo ni sehemu ya hasara ya viporo ambayo haiandikwi popote.

Baada ya kusikia wiki 60, mkurugenzi anakubali kuajiri makarani wanne. Mkuu anakokotoa haraka: watu kumi mara majalada 40 ni 400, ukitoa 140 yanayoingia inabaki 260, na 6,000 kwa 260 ni wiki 23. Furaha inaenea ofisini. Hesabu ni safi, ila inadhani kwamba karani anayeripoti Jumatatu asubuhi ni sawa na aliyekaa miaka sita kwenye masijala.

Huyo mgeni hajui bado kwamba majalada ya kabla ya mwaka fulani yana namba za mtindo wa zamani, wala kwamba kitalu kimoja kilibadilishwa jina na ramani yake iko kwenye kabati la chumba cha pili. Hayo hayamo kwenye mwongozo. Anayajua karani mzoefu, na njia pekee ya kuyapata ni kumkatiza kazi yake. Kwa hiyo kila mtu mpya anaingia kwenye hesabu mara mbili: kwa kile anachotoa, ambacho mwanzoni ni kidogo, na kwa kile anachomzuia mwenyeji wake asitoe.

Tuseme katika wiki mbili za kwanza mgeni hatoi kitu, na anamgharimu mzoefu saa za kutosha majalada 15 kwa wiki. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya sita anatoa robo ya kiwango, yaani majalada 10, na anagharimu 10. Wiki ya saba hadi ya kumi anatoa 20 na anagharimu 5. Kutoka ya kumi na moja hadi ya kumi na nne anatoa 30 na hahitaji tena mtu wa kumsimamia. Wiki ya kumi na tano amefika 40. Kwa kazi ya ukarani huo ni mwendo mzuri. Kwa kazi ya kupima ulemavu wa askari, ambako mwamuzi anasoma taarifa za madaktari na sheria, mwendo huo huchukua miaka.

Mkuu anachora jedwali na kushuka nalo wiki kwa wiki. Wiki mbili za kwanza wazoefu wanashuka kutoka 240 hadi 180, kwa sababu wageni wanne wamechukua 60. Yanaingia 140, rundo linapungua kwa 40 tu kila wiki, na linabaki 5,920. Wiki nne zinazofuata wageni wanatoa 40 na kugharimu 40. Kitengo kimerudi kwenye 240 yake ya zamani, kikiwa na mishahara minne zaidi, na rundo ni 5,520. Wiki nne nyingine zinatoka 300 kila wiki, rundo 4,880. Wiki nne nyingine zinatoka 360, rundo 4,000. Ndipo ile 400 iliyoahidiwa inapofika, na majalada 4,000 yaliyobaki yanahitaji wiki 15 na ushee kwa kasi ya 260. Jumla ni wiki 30.

Wiki 30 bado ni nusu ya 60, kwa hiyo kuajiri kulikuwa uamuzi sahihi. Lakini kuna jambo kwenye jedwali ambalo mkuu asipolieleza mapema litamletea maneno. Bila kuajiri, mwisho wa wiki ya sita rundo lingekuwa 5,400. Kwa kuajiri ni 5,520. Ofisi iko nyuma ya pale ambapo ingekuwa kama isingeajiri mtu. Mistari miwili inakutana mwisho wa wiki ya nane, rundo likiwa 5,200 kwa njia zote mbili, na kuanzia hapo ndipo faida inapoanza. Mkurugenzi ambaye hakuambiwa hilo atafika wiki ya tano, ataona kasi haijapanda, na pengine ataamua kwamba wageni hawafai au kwamba waongezwe wengine watatu. Akiongeza watatu wiki ya tano, wazoefu walewale sita wanaanza upya kufundisha kabla hawajamaliza wa kwanza.

Zaidi ya hayo, wageni hawafiki siku barua ya kibali inaposainiwa. Tangazo la kazi, maombi, usaili na barua za uteuzi tuseme vimechukua wiki kumi. Katika muda huo kitengo kimepunguza majalada 1,000 kwa kasi yake ya zamani, na wageni wanalikuta rundo la 5,000. Ukishuka na jedwali lilelile unafika mwisho wiki ya 36 tangu siku ya uamuzi. Na kama mmoja kati ya wanne atapata kazi kwingine baada ya wiki kumi, akaondoka na mafunzo yote aliyopewa, zinaongezeka kama wiki tatu nyingine.

Aliyeliweka jambo hili kwenye maandishi yaliyosomwa duniani kote ni Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa OS/360 wa kampuni ya IBM miaka ya 1960. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1975 alisema kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Sababu zake ni kufundisha wapya, kugawa upya kazi iliyokwisha kugawanywa, na mazungumzo. Watu sita wana jozi 15 za watu wanaoweza kuhitaji kuelewana. Watu kumi wana jozi 45. Kanuni ya Brooks inauma sana pale ambapo kazi ya mmoja imefungamana na ya mwenzake, kama kwenye programu. Majalada ya viwanja hayako hivyo kwa kiasi hicho, kwa kuwa kila moja linaweza kufanywa peke yake, na ndiyo maana hapa wageni wanne waliharakisha kazi baada ya wiki nane. Kungekuwa na majalada 700 tu, kazi ya wiki saba kwa makarani waliopo, kuajiri kungeichelewesha. Kipimo ni hicho: kama rundo litaisha kabla mistari miwili haijakutana, watu wapya hawasaidii.

Gharama ya kufundisha inaweza kupunguzwa, na njia iliyo nzuri kuliko zote iko kwenye zile saa 14 zilizotajwa mwanzoni. Kila mzoefu anapoteza saa tano kwa wiki kaunta, na kwa watu sita hizo ni saa 30, zinazotosha majalada 46. Kupokea wananchi, kuandika daftari na kuangalia kama nyaraka zimetimia ni mambo ambayo mgeni anaweza kuyajua kwa siku mbili tatu. Wageni wakiwekwa kaunta tangu wiki ya kwanza, wanarudisha majalada 46 kati ya yale 60 waliyoyachukua kwa kufundishwa. Nao wanajifunza vilevile, kwani kwenye kaunta ndiko kasoro zote za majalada zinakopita.

Kaunta ina faida nyingine. Yale majalada matatu katika kila kumi yenye kasoro ndiyo yaliyopandisha wastani hadi dakika 39. Mtu wa kaunta akimrudishia mwananchi palepale barua isiyo na saini, kasoro zikapungua kutoka tatu hadi mbili katika kila kumi, wastani unashuka hadi dakika 36. Dakika tatu zinaonekana ndogo. Kwa makarani sita zinapandisha kinachotoka kutoka 240 hadi 260, tofauti inakuwa 120, na kazi ya wiki 60 inakuwa ya wiki 50 bila kuajiri yeyote. Mradi karani asimrudishe mwananchi kwa kasoro ya kutunga. Hapo majalada yanahama tu kutoka kabatini kwenda kwenye mikoba ya watu.

Idara ya maveterani ilitumia pia njia ya saa za ziada. Kuanzia Mei 2013 iliwalazimisha waamuzi wake kufanya kazi angalau saa 20 za ziada kwa mwezi. Faida ya saa za ziada ni kwamba zinatoka kwa mtu ambaye tayari anajua kazi, kwa hiyo hazina wiki nane za kusubiri. Katika kitengo cha mfano, saa nne za ziada kwa wiki zikitumika zote kwenye majalada zinatoa 37 zaidi, na wiki 60 zinakuwa 44. Bei yake, kwa sheria ya Tanzania, ni angalau mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Nyingine ni uchovu, ambao unajitokeza kwenye makosa. Ikiwa majalada yanayorudishwa na meza ya uhakiki yanaongezeka mwezi wa tatu wa saa za ziada, faida imeanza kuliwa. Marekani walichanganya saa za ziada, waajiriwa na kuhama kutoka makaratasi kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, na mnamo Agosti 2015 madai yaliyopitisha siku 125 yalishuka chini ya 100,000.

Tarehe yenyewe isemwe vipi? Wastani wa 240 umetokana na wiki nane tu, na wiki zenyewe zilipishana kutoka 198 hadi 268. Huenda wastani halisi ni 230, au 250. Kwa kilichotoka, kumi kwenda juu au chini ni tofauti ndogo. Kwa rundo, 230 inaacha 90 na kazi inakuwa ya wiki 67. 250 inaacha 110 na inakuwa ya wiki 55. Mkuu anayesema "kati ya wiki 55 na 67, kama majalada yanayoingia hayatazidi 140" amesema kitu kinachoweza kupimwa. Anayesema wiki 60 kamili amejifunga kwa idadi ambayo hana uhakika nayo, na sharti lake hakulitaja.

Baada ya hapo kila Ijumaa inaandikwa mistari mitatu kwenye daftari: yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyobaki. Tuseme wiki ya sita baada ya wageni kufika jedwali lilitarajia 5,520 na kabati lina 5,700. Majalada 180 yamezidi. Kama yaliyoingia ni 170 kwa wiki badala ya 140, wageni hawana kosa. Sita mara 30 ni 180, na kinachobaki ni kutafuta kwa nini watu wameongezeka kaunta. Kama yaliyoingia hayajabadilika lakini wazoefu wametoa pungufu kuliko ilivyotarajiwa, mafunzo yanakula zaidi, na ni vizuri kuuliza kama maswali yote ya wageni yanaelekezwa kwa karani mmoja. Na kama wazoefu wako sawa ila wageni bado hawafikishi yale majalada 10, mwendo wao ni wa polepole kuliko uliokisiwa. Safu yao kwenye jedwali inaandikwa upya kwa kasi iliyoonekana, hesabu inashushwa tena hadi chini, na mkurugenzi anapelekewa tarehe mpya wiki hiyohiyo.